Deki ya Kadi 40: Rudisha Hizo Ardhi!

Haya watu wangu, karibuni. Leo deki ya kadi 40 ya Magic, na siyo deki ya kupiga sakafuni. Sheria za mchezo mnazijua, narukia panapouma.

Tazameni meza hapa. Kadi 17 za ardhi, 23 za kuchezwa. Nimezipanga kwa safu, kutokana na mana zinazodai: ya mana moja ipo 1, za mbili 7, za tatu 6, za nne 4, za tano 3, za sita 2. Mnaona mlima ulivyo? Kilele kiko kwenye mbili na tatu, halafu unateremka. Nikisema kadi ghali nasema mana, siyo bei ya dukani. Kuna kadi za bei mbaya ambazo kwenye deki hii hazina kazi.

Sasa kinachoniudhi. Mtu ana madubwana manne ya mana sita, hataki kuacha hata moja, basi anatoa ardhi 2 ili yaingie. Simamisha video, hesabu nami. Ukianza wewe, huvuti kadi zamu ya kwanza, kwa hiyo zamu ya sita umeona kadi 12: saba za mwanzo na tano ulizovuta. Mara 17, gawanya kwa 40: ardhi 5 na kidogo. Yaani hata ukiwa na ardhi zote 17, kwa wastani dubwana la mana sita bado limekaa mkononi! Kwa ardhi 15 unapata 4 na nusu. Umeongeza mizigo, ukapunguza wabebaji.

Na mkono wa kwanza je? Kwa ardhi 17, kupata kadi saba zenye ardhi moja au sifuri hutokea kama mara 1 kwa 10. Kwa 15, mara 1 kwa 6. Hapo unachanganya upya na kupoteza kadi kabla hata ya kucheza.

Wa Hearthstone nawasikia: "sisi mana inaongezeka yenyewe kila zamu." Sawa, hongereni, na deki yenu ni ya kadi 30. Huku ardhi unaivuta.

Ardhi 16 naikubali, ila kama juu kabisa umeishia mana nne na za mbili zimejaa. Nilikuwa mkali zaidi kwenye hili, nimelegea kidogo.

Rangi sasa. Hapa kijani ni 14, nyekundu 9, hivyo Misitu 10, Milima 7. Lakini oneni hii nyekundu ya mana mbili, zote mbili zinataka nyekundu. Kwa Milima 7 mara nyingi zamu ya pili haitoki. Naitoa, naweka ya kijani. Sasa ni 15 kwa 8, ardhi zinabaki vilevile.

Jaribuni: vuta mikono kumi ya mwanzo, andika idadi ya ardhi kila mara, mniwekee kwenye maoni. Ijumaa tunachanganya kadi, maana wengine mnazipangua tu.