Simu ya Japan, mnara umejaa ila intaneti haiji: tatizo liko kwenye APN

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo nimeshika hii Androidi used iliyotoka Japan, nimemnunulia mdogo wangu yuko chuo, laki moja na themanini, kioo safi, kamera nzuri sana kwa bei hiyo, betri inafika jioni. Lakini nataka nitumie muda mwingi kwenye kitu kimoja ambacho kilitaka kunifanya niirudishe dukani, maana najua kuna mtu anaangalia hii video saa hizi na simu yake iko hivyohivyo.

Nimeweka laini ya Voda, mnara ukajaa. Nikapiga simu, inaenda. Meseji zinaingia, *150*00# menyu ya M-Pesa inafunguka vizuri kabisa. Nikanunua bando, nikawasha data, hakuna kitu. Na ukiangalia pale juu pembeni ya mnara hamna 4G, hamna H, hamna vishale, ni mnara mtupu. Hiyo ndiyo dalili ya kuikariri, kwa sababu 4G ingekuwepo halafu kurasa hazifunguki ningeanza kuangalia bando limeisha au kuna VPN imewashwa.

Sasa kwa nini simu inapiga ila data haiendi? Kupiga, meseji na hizo menyu za nyota havipiti mlango wa data. Data ina mlango wake, na simu lazima iutaje kwa jina ndiyo mtandao uifungulie, hilo jina ndilo APN. Simu nyingi zinakuja na orodha ya majina ya mitandao ya dunia nzima, ukiweka laini inajichagulia yenyewe, ila hii ilitengenezwa kwa ajili ya kampuni ya huko kwao, nikaingia kwenye Access Point Names nikakuta peupe. Fundi mmoja aliniambia ni ya kuflashi, elfu thelathini. Usikubali kabla hujaangalia hapo.

Njia ni Settings, halafu Mobile network, unachagua laini yako, Access Point Names, kisha alama ya kujumlisha. Kwa Voda ya Tanzania nimejaza hivi tu, kwingine kote nimeacha kama palivyo:

```
Name: Voda
APN: internet
MCC: 640
MNC: 04
APN type: default,supl
```

Ndugu zangu wa Kenya wenye Safaricom, APN ni `safaricom`, username `saf`, password `data`, MCC 639, MNC 02.

Hapa sasa ndipo nilipopoteza saa nzima. Mara ya kwanza nilinakili kutoka kwenye picha niliyotumiwa na rafiki, nikabonyeza Save, ile APN ikapotea! Hakuna ujumbe wa kosa, orodha peupe vilevile, nikarudia mara tatu. Kumbe picha ile ilikuwa ya laini ya mtandao mwingine, MNC yake 02, na Androidi inakuonyesha zile tu ambazo MCC na MNC zinalingana na laini iliyomo ndani. 640 ni Tanzania, hizo mbili za mwisho ni mtandao wenyewe, kwa hiyo Airtel ni 05, Halotel 09. Mara nyingi ukiunda mpya laini ikiwa ndani simu inazijaza yenyewe, ziache, usiziguse.

Kingine ni kibodi, ukichagua neno `internet` kwenye mapendekezo inakuongezea nafasi mwishoni ambayo huioni, hebu rudi nyuma uifute. Ukishasevu hakikisha umegusa kile kiduara pembeni ya jina kiwe kimejaa, kisha washa hali ya ndege sekunde kumi, zima. Yangu 4G ilitokea papo hapo, meseji za Wasapu zikaanza kumiminika.

Data ikienda kwenye simu lakini haspoti haipeleki kwa wengine, rudi kwenye APN type uongeze `dun`, iwe `default,supl,dun`, baadhi ya simu zinaitaka hiyo.

Ila APN haitibu kila kitu jamani. Simu ikikuomba namba ya siri ya kufungua mtandao hiyo imefungwa, ni kesi nyingine. Na ukikuta imeandika `Access Point Name settings are not available for this user`, angalia kwanza kama uko kwenye akaunti ya mwenye simu, kama uko nayo na bado inagoma hiyo usiinunue, ndiyo maana nasema weka laini yako na uwashe data pale pale dukani kabla hujatoa hela.

Mdogo wangu nimeshamwambia, akibadilisha laini hii APN itajificha na ataunda nyingine, akirudisha Voda anaikuta palepale. Asibonyeze tu Reset to default, hiyo inaifuta.