Mvi za ndevu: upake nini, na lini uziache

Ukishachongwa ndevu, kinyozi atakuuliza, "Nikuwekee blaki?" Usiitikie kabla hujajua imetengenezwa na nini.

Mimi naanza na hina ikifuatwa na nili. Ni kazi ya saa tatu hivi, lakini matokeo yake ndiyo yanayofanana zaidi na ndevu za asili. Hina peke yake hugeuza mvi kuwa rangi ya chungwa, kama ndevu za wazee wengi wa pwani. Ukitaka kahawia iliyokoza, paka hina saa moja na nusu, osha, kisha koroga unga wa majani ya nili kwa maji ya uvuguvugu, uache dakika kumi na upake kwa saa moja. Usishtuke ukiona rangi ya ajabu mwanzoni; hukolea kesho yake. Hina halisi ni unga wa kijani unaonukia kama majani makavu. Pakiti ikisema ni hina na inatia weusi kwa dakika kumi, hiyo si hina.

Ya pili ni dai ya boksi iliyotengenezwa kwa ajili ya ndevu. Chukua kahawia iliyokoza hata kama nywele zako ni nyeusi, maana nyeusi tii kidevuni huonekana kama masizi. Paka vaselini pembeni ili ngozi isishike rangi, na usizidishe dakika zilizoandikwa.

Ya mwisho kabisa ni blaki ya unga. Niliipaka mara mbili bila shida. Mara ya tatu ilikuwa Ijumaa, kwa ajili ya harusi ya binamu yangu. Usiku kidevu kikaanza kuwasha, na Jumapili asubuhi midomo ilikuwa imevimba, malengelenge yakitoa maji. Chanzo ni kemikali iitwayo PPD. Mwili unaweza kuivumilia mwanzoni, lakini ukishaikataa, kwa kawaida huikataa maisha yote. Dai nyingi za boksi nazo zinayo, kwa hiyo kila mara jaribu tone nyuma ya sikio na usubiri saa 48. Pakiwasha, usipake. Uso ukivimba au ukipumua kwa shida, nenda hospitali mara moja.

Lini uziache? Kama umewahi kuvimba, usiguse tena dai wala blaki. Na kama mvi zimezidi nusu, hesabu kazi inayokungoja: ndevu hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ndani ya wiki mstari mweupe unatokea kwenye shina, na utapaka kila Jumamosi. Hapo mwambie kinyozi azipunguze kwa mashine namba mbili, achonge mstari wa shavu na wa shingo, kisha wewe paka mafuta ya nazi kidogo kila asubuhi, kwa sababu mvi huwa ngumu na kavu.