Pesa ndogondogo za jikoni: kasha la taslimu au laini ya simu?

Chukua jiko la hoteli lenye pesa za matumizi madogo shilingi 300,000, na kikomo cha 40,000 kwa vocha moja ya malipo.

Kwa gharama, kasha linashinda. Muuza ndimu sokoni unampa noti na habari imeisha, wakati laini ya simu hukatwa ada kila unapotuma au kutoa, na ada nayo inataka vocha yake. Wengi huisahau, kisha Ijumaa hesabu inagoma.

Ukaguzi wa wiki ni uleule: salio na vocha vijumlishwe, vifike 300,000. Tuseme kashani mna 112,500 na vocha ni za 184,500. Jumla 297,000, pungufu 3,000. Mara nyingi ni bodaboda aliyelipwa bila kuandikiwa. Kwenye simu ungeona alilipwa nani na saa ngapi. Kasha halisemi kitu. Ila simu nayo haijui kama samaki walifika jikoni, kwa hiyo risiti na saini ya mpokeaji zinabaki palepale.

Ujanja wa kugawa manunuzi ili kukwepa kikomo hauzuiwi na yoyote kati ya hivyo viwili. Vocha mbili zinazofuatana, muuzaji mmoja, siku moja, 39,000 na 38,000: hapo uliza.

Kama wauzaji wako ni wa sokoni na mtunza kasha ni mmoja kila zamu, baki na kasha. Kama zamu zinapokezana ufunguo, ningechukua simu, namba ya siri akiwa nayo mtu mmoja tu.