Uzoefu wangu: programu ya kutoa taarifa za hati za viwanja na kuziingiza kwenye rejesta

Naitumia programu hii kwa hati miliki za Tanzania zilizoskaniwa. Inasoma hati, kisha inajaza jedwali: namba ya kiwanja, kitalu, eneo, muda wa umiliki na kodi ya pango la ardhi. Kwa hati zilizopigwa chapa vizuri na kuskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi, inaokoa kazi kubwa ya kunakili. Ila usiingize majibu yake kwenye rejesta bila kuyahakiki.

Tatizo zito liko kwenye muda. Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na miaka hiyo huhesabiwa tangu tarehe iliyotajwa kwenye masharti, si tangu siku ya usajili. Programu hupenda tarehe ya muhuri wa msajili kwa sababu inaonekana wazi, wakati ile ya kuanzia imeandikwa kwa maneno katikati ya sentensi ndefu ya Kiingereza. Chukua Kiwanja Na. 118, Kitalu G: miaka 33 kuanzia 1 Julai 1996, imesajiliwa 14 Machi 1998. Programu ikaweka ukomo 13 Machi 2031. Ukomo sahihi ni 30 Juni 2029. Mwenye kutegemea jedwali hilo angeomba kuongezewa muda wakati hati imeshakwisha. Mimi huweka safu mbili, ya kuanza (C) na ya miaka (D), halafu Excel ndiyo ihesabu:

```
=EDATE(C2,D2*12)-1
```

Mipaka nayo inataka jicho. Kwenye ramani ya hati, vipimo vya pande huandikwa vidogo, vingine vimelala ubavu, na mstari wa mpaka hukata tarakimu. Kiwanja hicho ni mstatili wa mita 40 kwa 31, eneo mita za mraba 1,240. Programu ilisoma 81. Ukizidisha unapata 3,240, na hapo kosa linajitoa lenyewe. Kiwanja kisicho mstatili hakikubali njia hiyo. Kokotoa eneo kwa majiranukta ya mawe ya mpaka, kisha linganisha na lililoandikwa.

Kitalu G mara nyingine husomwa 6, na si kosa dogo, maana kiwanja namba 118 kinaweza kuwepo kwenye vitalu vingi. Kitalu na eneo la mji viwe na safu zao.

Kwa kodi, tarakimu yenyewe programu huisoma sawa, lakini ni kiwango cha siku hati ilipotolewa, na masharti yanaruhusu kibadilishwe. Iite safu hiyo "kodi ya kwenye hati". Kodi ya sasa ichukue kwenye ankara yenye namba ya malipo ya serikali, na tarehe ya kudaiwa iwe 1 Julai kila mwaka.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Ingeonyesha kando ya kila jibu kipande cha hati lilikotoka, ningeongeza ya nne.