Mpangaji au mwenye ruhusa tu?

Karatasi ya kukaa kwenye nyumba ya mtu kuitwa "leseni", yaani ruhusa tu, hakumalizi ubishi. Katika kesi ya Street v Mountford (1985) huko Uingereza, mama mmoja alisaini "leseni" ya vyumba kwa pauni 37 kwa wiki. Mahakama ikasema ni mpangaji: vyumba ni vyake peke yake, kwa muda unaojulikana, na kodi analipa. Jaji Templeman alieleza kwamba uma wa kulimia wenye meno matano hubaki uma hata aliyeutengeneza akishikilia kuwa ni sepetu.

Mwenye ruhusa ni yule ambaye mwenye nyumba huingia kwake apendavyo, afagie, abadili mashuka. Kifungu cha mwenye nyumba kuja kukagua bomba hakitoshi kumfanya mkaaji awe mwenye ruhusa tu. Hicho huonyesha kwamba bila kukitaja, mwenye nyumba angezuiwa mlangoni.

Tofauti huuma jengo linapobadilisha mikono. Mwaka 1916, katika King v David Allen, kampuni iliyoruhusiwa kubandika matangazo ukutani haikuweza kumbana mpangaji mpya wa jengo. Ilibaki kumdai fidia aliyeahidi. Upangaji ni mwingine: sharti linalohusu jengo lenyewe, kama kukarabati paa, humfuata mnunuzi.