Uzoefu wangu na gari lenye kibali: betri zilienda, pipa la tina likakataliwa

Wakuu, nina gereji ndogo ya kunyoosha bodi na kupiga rangi hapa Mtwara, Mkuti, kiwanja nachangia na fundi umeme, betri mbovu ni zake na tina chafu ni yangu. Mwaka huu tukaamua kuita wabebaji wa taka hatari wenye kibali cha NEMC, wale wa baraza la mazingira, maana pipa lilikuwa limejaa na pale tunapomwaga si mbali na kisima cha majirani.

Kwanza kero. Waliahidi wiki mbili, wakaja ya saba, eti mzigo wa huku kusini lazima utimie ndo gari litoke Dar. Siku zote hizo nakaa na pipa la kitu kinachowaka kama petroli, na joto la huku mnalijua.

Walipofika dereva akafungua mfuniko, akanusa, akachovya kijiti, akaniambia "Fundi, hili silibebi, umechanganya." Kweli, vijana walikuwa wanamwagia humo oil chafu ya injini. Akanielewesha vizuri tu, oil peke yake haishiki moto kirahisi na ina watu wanaoichukua, ila ikishaingia tina inawaka haraka na haiwezi tena kwenda kule oil inakoenda, sasa fomu yao imeandikwa tina, hawezi kubeba kitu kingine. Niliumia ila alikuwa sahihi. Akanionyesha na dumu la plastiki nililowekea tina, limevimba tumbo na chini limelainika, lingepasuka njiani. Tina iwekwe kwenye chuma chenye mfuniko wa kukaza, na usijaze mpaka juu, ikipata joto inatanuka.

Betri zilipita zote 11. Hapa walinifurahisha kwa sababu wanunuzi wa skrepa wanataka umwage maji makali kwanza ndo wapime, na yale maji yana asidi na madini ya risasi ndani yake, hawa wanataka betri nzima na maji yake, vifuniko vimefungwa, zimesimama juu ya mbao, vichwa vimefunikwa kwa mpira wa tyubu visigusane. Moja ilikuwa na ufa, wakaiweka kwenye beseni la plastiki peke yake. Wakapima, tukasaini fomu, nakala nikabaki nayo, na nyingine inatakiwa irudi na sahihi ya anayepokea mzigo. Mpaka leo sijaiona, nawapigia kila Ijumaa.

Siku hizi tina ya kuoshea bunduki ya rangi naiacha itulie siku tatu, utope unashuka chini, ile safi ya juu naimimina naoshea tena (kuchanganyia rangi hapana). Pipa jingine sasa linapokea utope tu, oil ina dumu lake lenye alama ya rangi nyekundu. Lile lililochanganywa bado lipo kivulini mbali na mashine ya kuchomelea, wamesema watalibeba kwa fomu tofauti na bei tofauti, tumekubaliana safari ijayo.