Wimbo wa Kiarabu: kuutafuta kwa herufi za Kilatini au kwa hati yake

Anayeukumbuka kwa sauti tu wimbo wa Umm Kulthum wa mwaka 1964 anaweza kuandika `Enta Omri`, lakini wengine huandika `Inta Omri` au `enta 3omry`, na kila tahajia huweza kuleta matokeo tofauti.

Mimi napendelea hati ya Kiarabu, `انت عمري`, kwa sababu irabu fupi kwa kawaida haziandikwi, hivyo shaka kati ya e na i, au o na u, hutoweka. Hatari imo katika konsonanti: ukiweka alifu mahali pa aini unapata `امري`, neno lililozaa «amri» yetu, ilhali wimbo unataja «umri». Mwimbaji asipoonekana kwenye matokeo, badilisha kwanza herufi hiyo.